KIJANA ASIYE NA MJOMBA MJINI

Kila mwaka, masika yanapokwisha na baridi ya Juni inapoanza kushika, wafanyakazi wa viwanda vya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, huwaona vijana wakitembea kwa miguu kutoka lango hadi lango. Wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, viatu vyao vimejaa vumbi, na kwapani wameshika bahasha za kaki. Si wachuuzi, wala si waombaji wa sadaka. Ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, ambayo wao wenyewe huyaita fildi. Mlinzi huipokea bahasha, huiweka juu ya meza yake pamoja na nyingine zilizotangulia, na humwambia kijana, "Utapigiwa simu." Kijana hushukuru na kwenda zake. Simu haipigwi.

Leo twataka kuzungumza habari za bahasha hiyo: huenda wapi, hukwama wapi, na kijana asiye na ndugu mwenye cheo aifanyeje ifike kwenye meza inayostahili. Twalizungumza jambo hili na wafanyakazi kwa sababu walio wengi kati ya wasomaji wetu wako ndani ya malango hayo, nao wanayajua mambo ambayo kijana aliye nje hana wa kumwambia.

Kwanza ieleweke kwamba mafunzo haya si hiari. Kwa wanafunzi wa uhandisi, na kwa wengi wa fani nyinginezo, chuo hudai wiki 8 au karibu na hapo za kazi halisi katika likizo ndefu, chini ya msimamizi wa mahali pa kazi, pamoja na kitabu cha kumbukumbu za kila siku na ripoti mwishoni. Mhadhiri hufunga safari kwenda kumkagua mwanafunzi huko huko aliko. Asiyeyafanya hahesabiwi kuwa amemaliza masomo, na likizo ikimpita bila kupata mahali, hana budi kungoja likizo nyingine, pengine wakati wenzake wamekwisha kuvaa joho. Kwa mtoto wa mkulima aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome, mwaka mmoja wa kungoja ni mzigo mkubwa.

Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa mwezi Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria tu, nao hawakupita kumi na wachache. Kitivo cha uhandisi kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973, nchi ilikuwa na mashirika ya umma yenye viwanda na karakana, mfano wa kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968, na wanafunzi walikuwa wachache kuliko mahali pa kuwaweka. Baadaye mambo yaligeuka pande zote mbili. Tangu tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilipoundwa mwaka 1992, viwanda vingi viliuzwa, vingine vikafungwa, na kadhaa vikawa maghala. Vyuo navyo viliongezeka, na ndani ya kila chuo wanafunzi wakawa maelfu. Hivyo yule meneja ambaye zamani aliwangoja vijana watano kutoka Mlimani, sasa hupokea barua mia na zaidi kwa nafasi sita.

Nafasi sita zikigombewa na watu mia, mtu husema mara moja kwamba mwenye mjomba ndiye atakayezipata. Neno hili lina ukweli, lakini ukweli wake haujachunguzwa vya kutosha. Mjomba hufanya nini hasa? Tumewauliza maofisa utumishi na mafundi wakuu kadhaa, na jibu lao ni la kawaida sana. Mjomba humwambia mpwa wake mwezi Februari kwamba karakana fulani huchukua wanafunzi wanne, na kwamba majina hupangwa kabla ya Pasaka. Kisha huichukua barua yake na kuifikisha mkononi mwa mtu anayepanga, isipite kwa mlinzi. Mwisho husema, "Huyu namfahamu, hatawasumbua." Habari, njia, na udhamini: hayo ndiyo mambo ambayo kijana wa kabwela hana budi kuyapata kwa njia nyingine, nayo yanapatikana, ingawa si kwa kutembeza bahasha mwezi Juni.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja tunayemfahamu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo, mzaliwa wa kijiji cha mkoa wa Rukwa, ambaye baba yake analima mahindi na ambaye hapa mjini hakuwa na mtu ila mwenzake wa chumba. Alianza kutafuta wiki ya pili ya Mei. Alitoa nakala 19 za barua moja, zote zikianza kwa maneno "Kwa anayehusika", akazigawa katika viwanda vikubwa vya Dar es Salaam kwa siku nne. Ilipotimia wiki ya tatu alikuwa hajapata jibu lolote. Alirudi kwenye kiwanda kimoja, akamkuta mlinzi mwingine, naye akamwambia hana habari ya barua yoyote.

Twaomba msomaji aitazame barua ile kwa macho ya karani aliyeipokea. Imeandikiwa anayehusika, basi nani anahusika? Inasema kijana anaomba "nafasi katika kampuni yenu tukufu", lakini haisemi anataka idara gani, kwa muda gani, wala kuanzia lini. Karani akiipeleka kwa meneja atarudishiwa na swali, na akiiacha trei haiji mtu kumwuliza. Karani si mtu mbaya. Barua isiyo na mwenyewe hubaki trei, iwe ya mwanafunzi au ya mdai madeni.

Kilichomfungua macho kijana huyu ni jambo dogo. Alikwenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara yake kuomba barua ya ishirini, naye mratibu, aliyekuwa na kazi nyingi, akamwonyesha kabati na kumwambia asome huku akingoja. Ndani ya kabati zilikuwamo ripoti za wanafunzi wa miaka iliyotangulia. Kijana alifungua moja, akaifunga. Akafungua ya pili, na hapo akaona kitu. Kila ripoti ilikuwa na ukurasa wa shukrani, na katika ukurasa ule mwanafunzi aliyetangulia aliwashukuru kwa majina na vyeo watu waliompokea: meneja fulani aliyemkubalia, fundi fulani wa zamu aliyemfundisha, karani fulani aliyemsaidia. Kurasa za mbele zilieleza karakana ilivyo, mitambo iliyomo, na kazi zilizofanywa kila wiki. Mwaka ulikuwa umeandikwa juu.

Habari ile ambayo mpwa wa mtu huipata sebuleni kwa mjomba wake, huyu aliikuta katika kabati lililosahauliwa. Alikaa humo siku mbili, akasoma ripoti zipatazo 40, na hakujiandikia majina ya viwanda tu. Aliandika mahali ambapo wanafunzi walipokewa miaka miwili au mitatu mfululizo, kwa kuwa mahali pa namna hiyo pana mazoea ya kuwapokea. Aliandika jina la idara kama linavyotajwa na wenyewe. Na aliandika mahali ambapo ripoti ilionyesha kwamba mwanafunzi alifanya kazi hasa, si kuchemsha chai na kutoa nakala za karatasi. Jambo hili la mwisho hujulikana upesi. Ripoti ya mtu aliyefanya kazi hutaja hitilafu, siku ilipotokea, na namna ilivyorekebishwa. Ripoti ya aliyekaa bure hujaza kurasa kwa historia ya kampuni.

Katika karatasi yake vilibaki vituo saba, na kilichomvutia zaidi kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba katika mkoa wa Shinyanga. Wenzake walimcheka. Lakini alikuwa ameona jambo ambalo wanafunzi wachache hulifikiri, nalo ni msimu. Ununuzi wa pamba huko kanda ya ziwa hufunguliwa Mei au Juni, na tangu hapo mitambo huzunguka kwa miezi kadhaa, usiku na mchana. Likizo ndefu ya vyuo huanza Julai. Kwa hiyo mwanafunzi hufika wakati kazi imechacha, vitu vinaharibika, na kila mkono unahitajiwa. Aendaye mahali ambapo kazi imelala katika likizo yake atakuta mitambo imefunikwa turubai na fundi hana la kumfundisha. Viwanda vya sukari navyo vina hesabu yake: husaga katika miezi ya kiangazi, na matengenezo makubwa ya kufungua kila kitu hufanywa wakati wa mvua za masika, kinu kinaposimama. Mwanafunzi aendaye huko Julai na ajue kwamba ataona kinu kikienda, wala hataona kikifumuliwa. Yote mawili yana faida, lakini ni vizuri mtu ajue anaomba lipi.

Kijana aliandika barua upya. Safari hii haikuwa ya anayehusika. Aliiandikia kwa meneja mkuu, kwa kuwa ndiye mwenye amri, lakini ndani akataja kwamba anaomba kuwekwa katika matengenezo ya mitambo ya kuchambulia, chini ya fundi mkuu. Alisema ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kwamba chuo kinamtaka afanye kazi wiki 8, akataja tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kwamba amekwisha kujifunza kusoma mchoro wa mitambo, kupima kwa mikromita, na kuchomelea kwa umeme. Kwamba malazi na chakula atajigharimia, haombi posho, na bima ya afya anayo. Akasema ameisoma ripoti ya mwanafunzi aliyefanya kazi hapo miaka miwili iliyopita, na kwamba angependa kujifunza namna rola za kuchambulia zinavyotunzwa. Barua yote ilikuwa ukurasa mmoja. Aliambatisha barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya kitambulisho, na matokeo yake ya mwaka wa kwanza.

Angalieni tofauti ya barua hizi mbili. Ya kwanza ilimwachia meneja kazi ya kufikiri. Ya pili ilimjibu maswali yote ambayo angeuliza: ni nani, anataka nini, kwa muda gani, anajua nini, na ataigharimu kampuni kiasi gani. Na ule mstari kuhusu rola ulifanya kazi ya udhamini. Fundi mkuu alipoonyeshwa barua alisema, hivyo tulivyoelezwa, "Huyu walau anajua tunafanya nini hapa." Si maneno ya sifa kubwa, lakini yalitosha.

Baada ya kuituma, kijana hakukaa kungoja. Siku ya saba alipiga simu ya ofisi, akaomba kuzungumza na masjala, akauliza kwa adabu kama barua imefika na imepelekwa kwa nani. Aliambiwa iko kwa ofisa utumishi. Siku ya kumi na nne alipiga tena, akamwomba ofisa huyo. Alipata nafasi mwishoni mwa Juni, siku chache kabla ya likizo. Laiti angaliisoma kabati ile mwezi Februari, asingetembea na bahasha 19.

Hapa yafaa tueleze kidogo namna barua inavyosafiri katika ofisi za umma, kama halmashauri za wilaya, mamlaka za maji, au ofisi za mikoa za mashirika, maana humo nafasi nyingi hupotea kwa kutojua njia tu. Barua iliyoandikiwa mkuu wa idara mara nyingi haishughulikiwi, kwa sababu utaratibu wa serikali ni kuandika kwa mkuu wa taasisi: mkurugenzi mtendaji, au mkurugenzi wa halmashauri. Masjala huigonga muhuri wa kupokelewa, huipa nafasi katika faili, na faili hupelekwa juu. Mkuu huandika dokezo, pengine maneno matatu tu, na kulishusha kwa ofisa utumishi, naye humwuliza mkuu wa idara kama ana nafasi, mkuu wa idara hujibu, faili hurudi. Pahala pengine safari hii siku hizi hufanywa katika kompyuta, lakini ngazi ni zile zile. Ikienda vizuri huchukua wiki mbili au tatu, na mmoja wao akiwa safarini huchukua mwezi.

Kwa hiyo mwanafunzi aendaye mwenyewe na awe na nakala mbili. Moja abaki nayo, igongwe muhuri na tarehe, na aombe kumbukumbu namba. Arudipo asiulize, "Je, barua yangu imejibiwa?" maana swali hilo hujibiwa kwa "bado". Aulize, "Faili liko kwa nani?" Hapo karani hutazama daftari lake na kumtajia meza. Aende kwenye meza hiyo. Ikiwa ni ya mkuu wa idara, na aingie baada ya saa nne, mkutano wa asubuhi ukiwa umekwisha, aamkie, ajitambulishe kwa maneno mawili, na aseme barua yake ina kumbukumbu namba fulani. Kufuatilia faili lako namna hii si utovu wa adabu. Yule mjane aliyemchosha hakimu alipata haki yake kwa kurudi, na hakimu yule alikuwa mbaya kuliko wakuu wetu wa idara.

Katika karakana ndogo za watu binafsi mambo ni kinyume. Hakuna masjala wala faili. Mwenye karakana au fundi mkuu ndiye aamuaye, naye huamua kwa macho. Huko kijana aende mwenyewe asubuhi kazi inapoanza, barua iwe mfukoni, aseme shida yake, na akubali kuanza kwa kushika ufagio siku mbili. Lakini amwulize kwanza mratibu wa chuo kama karakana hiyo itakubaliwa, kwa kuwa vyuo vingi hutaka msimamizi mwenye elimu ya fani, atakayeweza kutia saini kitabu cha kumbukumbu na kumpa mwanafunzi alama. Tumesikia habari za vijana waliofanya kazi wiki nane kwa jasho la kweli, kisha wakakataliwa kwa sababu ya saini.

Turudi kwa kijana wetu wa Shinyanga, maana kupata nafasi ni nusu tu ya shida. Mjomba wa mjini humpa mpwa wake pia kitanda na sahani ya chakula, na jambo hili ndilo huwafanya wengi wang'ang'anie Dar es Salaam hata wasipokuwa na ndugu. Katika miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni, fedha za mafunzo kwa vitendo kwa mwanafunzi aliyepangiwa zimewekwa hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Jumla yake ni shilingi 560,000, ikiwa amepangiwa kiwango chote. Kijana alipanga chumba karibu na kiwanda kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, akala kwa mama lishe na kwa kujipikia kwa wastani wa shilingi 5,000 kwa siku. Miezi miwili ya chumba ni 80,000, na chakula cha siku 56 ni 280,000. Zilimbakia 200,000 za nauli ya basi kwenda na kurudi, viatu vigumu vya kazi, na kuchapa ripoti. Alikwenda kazini kwa miguu. Angalifanya hayo Dar es Salaam, akapanga chumba Gongo la Mboto na kupanda magari mawili asubuhi na mawili jioni, zisingalimtosha.

Lakini tuseme na upande wa pili. Fedha hizo huweza kufika wiki kadhaa baada ya kazi kuanza, na asiye na mkopo hana hata hizo. Kijana huyu alianza kwa shilingi 90,000 alizokopa kwa wenzake watatu, na mwenye nyumba alikubali kungoja kodi kwa sababu fundi mkuu alimwambia kwamba huyu ni mtu wa kiwandani. Mwanafunzi asitoke chuoni bila kuwa na walau ya nauli, chumba cha mwezi mmoja, na chakula cha wiki tatu. Kama hana, na aangalie kwanza wilaya yake mwenyewe. Pampu ya maji ya mji mdogo karibu na kwa wazazi wake ina mota, vali, na fundi mmoja aliyeelemewa na kazi, na watu wanaoiombea nafasi ni wachache mno.

Kazi yenyewe ilimfaa. Wiki mbili za kwanza alibeba na kusafisha. Wiki ya tatu fundi mkuu alimwita kwenye mashine ambayo mbegu zake zilitoka zikiwa na nyuzi nyingi, akamwuliza sababu. Kijana akataja mota. Fundi akamwambia, "Mwanangu, gusa rola." Mifereji ya rola ilikuwa imelika, haivuti tena nyuzi sawasawa. Waliifungua, wakaichonga mifereji upya, wakairudisha, na kijana akafundishwa kupanga nafasi kati ya visu, kwa kuwa vikibana mno huvunja mbegu na vipande vyake kuchafua pamba. Mhadhiri alipofika kukagua wiki ya sita alimwuliza juu ya mashine hiyo, akaelezwa kila kitu pale pale, mikono ya mwanafunzi ikiwa na grisi.

Twalitaja hili kwa sababu liko soko jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wapo vijana waliokosa mahali ambao hununua muhuri. Humtafuta mtu mwenye ofisi, humpa chochote, naye huwajazia kitabu cha wiki nane kwa siku moja. Hugunduliwa. Wino wa siku 40 za kazi ni wa kalamu moja na mwandiko wa mkono mmoja usiochoka. Na mhadhiri akifika, msimamizi hamjui mwanafunzi kwa jina. Na wapo wanaodaiwa fedha ili wapewe nafasi. Taasisi ya umma ikiwa na ada halali hutoa kumbukumbu namba ya malipo, nawe hulipa benki au kwa simu na kupata stakabadhi. Anayesema mpe mkononi anaomba rushwa. Wasichana wengine huombwa kitu kibaya zaidi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 iliitaja waziwazi rushwa ya ngono kuwa kosa. Simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Aliyeombwa amwambie pia mratibu wa chuo upesi, ili asipelekwe mwingine pale.

Sasa twataka kusema na wana chama wenzetu, na tutasema bila kuficha. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru watu walipokuwa wakizungumza habari za Afrikanaizesheni, wananchi wenye ulimi mkali walizua neno ndugunaizesheni, wakiwacheka wakubwa waliojaza ofisi kwa jamaa zao. Neno hilo halijafa kwa sababu kitu chenyewe hakijafa. Leo kinaitwa kimemo. Kiongozi wa tawi, diwani, au mkubwa wa idara huandika mistari miwili, "Naomba umsaidie kijana huyu," na meneja huogopa kukataa. Mwandishi hujiona ametenda wema. Lakini karakana yenye mafundi watatu haiwezi kuwasimamia wanafunzi zaidi ya wanne au watano. Kimemo hakiongezi fundi. Humwondoa mmoja aliyekuwa kwenye orodha, naye huambiwa atapigiwa simu. Tumeelezwa na ofisa mmoja kwamba mwaka fulani alikuwa na nafasi sita na vimemo tisa, hata hakuzifungua barua za wengine. Mwana chama aombwaye kimemo na amwambie mzazi ukweli: namna barua inavyoandikwa, na mwezi wa kuipeleka. Huo nao ni msaada, wala haumwibii mtu.

Kwa mameneja, ombi letu ni dogo. Mwezi Machi wabandike langoni, na katika tovuti yao kama wanayo, idadi ya nafasi za mwaka huo, idara zenye nafasi, na siku ya mwisho ya kupokea barua. Wenye kukosa wajibiwe hata kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja, ili wakatafute pengine wakati ungalipo. Kuandika kwamba nafasi zimejaa hakugharimu kitu. Kunyamaza humgharimu kijana mwezi mzima.

Na kwa walinzi, makarani wa masjala, na mafundi: ninyi ndio watu wa kwanza ambao kijana huyu hukutana nao, na mara nyingi mnajua kuliko meneja kama karakana ina nafasi. Mlinzi aweza kusema, "Usiniachie hapa, mwulizie Bwana fulani wa utumishi, huwa yuko baada ya saa nne." Karani aweza kumwambia faili liko meza gani. Fundi aliyepata kumfundisha mwanafunzi mwaka jana aweza kumwuliza mkuu wake mwezi Februari kama mwaka huu watachukua wangapi, na kumtumia habari yule wa mwaka jana awaambie wenzake chuoni. Fundi mkuu wa Shinyanga alifanya hivyo. Mwaka uliofuata kiwanda kile kilipokea barua mwezi Machi kutoka kwa wanafunzi watatu, wote wakitaja rola. Kikachukua wawili, na wa tatu akaandikiwa mapema kwamba nafasi zimejaa, akapata mahali katika mamlaka ya maji ya wilaya ya jirani.